“Usiwashe taa na kufungua madirisha”: sentensi moja inatosha kulipua keja

Soma hii sentensi polepole: “Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa na kufungua madirisha.”

Umeambiwa ufungue madirisha ama usifungue?

Kama umesema “nifungue, si ni obvias”, ngoja kidogo. Wewe unajua hivyo kwa sababu ulishaambiwa na mama, ama ulisoma shuleni, ama akili yako imejirekebishia sentensi. Kiswahili chenyewe hakijasema hivyo. Kiswahili kimekukataza.

Sentensi za aina hii ziko kwenye vijitabu vya maelezo vinavyokuja na majiko, hita za kuogea, pasi na chaja, kila mahali mtu alipopewa kurasa za Kizungu akaambiwa “weka Kiswahili hapo nyuma”. Leo nataka tuongee kuhusu gesi peke yake, kwa sababu gesi iko kwa kila bedsita, na kwa sababu ukikosea hapo hakuna kurudia. Na niseme mapema: hii si hadithi ya Kiswahili sanifu dhidi ya Sheng. Sijali kama umeandika “valvu” ama “vali” ama “kile kitu cha kuzungusha”. Ninajali kama anayesoma atajua afanye nini, na afanye lini.

Tuanze na hiyo “na”.

Kwa Kiswahili, ukiunganisha vitenzi viwili na cha pili ukakipa “ku”, kile cha pili hakijitegemei. Kinakopa kila kitu kwa cha kwanza: nani anafanya, lini, na kama ni ndiyo ama hapana. “Aliingia na kuketi” maana yake aliingia, halafu akaketi. Hakuna mtu anauliza nani aliketi. Sasa weka “usi” mbele. “Usiingie na kuketi.” Hapo umekatazwa yote mawili.

Kuna njia nyingine moja ya kuisoma, ile ya “usinywe pombe na kuendesha gari”. Hapo unakatazwa kuchanganya vitu viwili, lakini kimoja kimoja ni sawa. Tukirudi kwa gesi, basi, “usiwashe taa na kufungua madirisha” ina maana mbili. Ya kwanza: usiwashe taa, na madirisha pia usifungue. Ya pili: ukiwasha taa, basi usifungue madirisha. Zote mbili ni balaa. Ile maana ambayo mwandishi wa kwanza alikuwa nayo, usiwashe taa lakini fungua madirisha, haimo kabisa. Ilipotea njiani.

Ilipoteaje? Kwa kawaida maelezo ya Kizungu huwa na orodha: usifanye hiki, koma, fanya kile, koma, fanya na hiki. Mtafsiri analipwa kwa neno, nafasi kwenye karatasi ni ndogo, anaona koma anaweka “na”. Anaona kitenzi anaweka “ku”. Sentensi inasikika vizuri, ina mdundo wa taarifa ya habari. Bosi anaisoma, anasema safi, inaenda kuchapishwa. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza mtu aliye jikoni na harufu imemjaa puani atafanya nini na hiyo sentensi.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi: katazo lipewe sentensi yake, na amri ipewe sentensi yake. “Usiwashe taa. Fungua madirisha.” Nukta moja tu. Na kama ni makatazo mawili, rudia “usi” mara mbili. “Usiwashe kiberiti. Usiwashe taa.” Mwalimu wako wa insha angesema umejirudia. Acha ajirudie yeye. Insha inatafuta alama, onyo linatafuta mtu abaki na nyusi zake.

Lakini hata hiyo “usiwashe taa” bado haijamaliza kazi.

Swichi ya stima hutoa cheche ndogo wakati wa kuwasha, na hutoa cheche pia wakati wa kuzima. Hiyo ya kuzima watu wengi hawaijui. Maelezo mazuri ya Kizungu husema usitumie swichi, kwa jumla, ili yashike pande zote mbili. Mtafsiri anafika kwa neno la “kutumia swichi”, anaona halisikiki kama Kiswahili cha mtaani, anaamua kuandika “usiwashe taa”. Amerahisisha. Sasa fikiria ni saa mbili usiku. Taa ya jikoni tayari inawaka, kwa sababu ni usiku na mtu alikuwa anapika. Harufu inatokea. Msomaji anakumbuka: taa na gesi haviendi pamoja. Anafanya nini? Anazima taa! Ametii onyo vizuri kuliko lilivyoandikwa, na ametengeneza cheche ile ile tuliyokuwa tunaikimbia.

Kumbuka gesi yenyewe inavyokaa. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Hazipandi juu zikatokea kwa paa, zinateremka sakafuni na kujikusanya kwenye kona, chini ya kitanda, kwenye shimo la maji. Harufu ile mbaya si yake. Imeongezwa makusudi ili ujue inavuja. Na haihitaji kujaa nyumba nzima. Kama asilimia 2 tu ya hewa ikiwa ni gesi, tayari inaweza kushika moto. Kwa chumba kimoja chenye kitanda, jiko na pazia, unafika hapo haraka. Ndiyo maana swichi ni jambo la kwanza na dirisha ni jambo la kwanza, na ndiyo maana huwezi kuacha moja lishukiwe.

Kwa hivyo andika: “Usiguse swichi yoyote. Taa inayowaka, iache iwake. Taa iliyozimwa, iache ilivyo.” Ni ndefu kuliko “usiwashe taa”? Ndiyo. Hiyo ndiyo bei.

Sasa tuingie kwa neno langu la adui namba moja: “funga”.

Kiswahili kimetupa zawadi hatari. “Funga” na “fungua” zinatofautishwa na herufi moja, na maana zake ni kinyume kabisa. Mchapaji akila hiyo “u”, ama ukurasa ukilowa mafuta hapo katikati, onyo limegeuka. Lakini si hilo tu. Hata ikiandikwa sawa, “funga” yenyewe ina kazi nyingi mno. Unafunga mlango. Unafunga kamba. Unafunga mkanda. Fundi anafunga tairi, maana yake analiweka mahali pake na kulikaza. Na huku kwetu wengine hufunga redio, maana yake wanaizima.

Haya, niambie sasa: “Funga regyuleta” ni nini? Ni kuipachika juu ya mtungi, ama ni kuzima gesi? Kwa ukurasa ule ule wa kijitabu utaipata kwa maana zote mbili. Hatua ya pili: funga regyuleta juu ya mtungi. Hatua ya tisa: ukimaliza kupika, funga regyuleta. Msomaji makini atajiuliza kama kila jioni anafaa kuitoa na kuirudisha. Msomaji mwenye haraka atahakikisha tu kwamba imekaza, aende kulala na gesi iko wazi.

Hapa dawa si kutafuta neno la heshima zaidi. Ni kuamua kwamba neno moja lina kazi moja kwa kijitabu chote. Kuweka regyuleta kwa mtungi kuitwe “kupachika”. Kuitoa kuitwe “kuchomoa”. Kuruhusu gesi ipite kuitwe “kufungulia gesi”, na kuikomesha kuitwe “kuzima gesi”. Halafu, kwa zile vali za kuzungusha, usimwachie msomaji kukisia. Mwambie mkono uende wapi: “Zima gesi: zungusha kitasa kulia, jinsi mishale ya saa inavyokwenda, mpaka kigome.” Hapo hata “u” ikiliwa, mkono unajua njia.

Jambo la tatu ni masharti. Hapa ndipo watu wazuri huanguka, hata wale wanaojua lugha.

“Zima gesi na uite fundi kama harufu inaendelea.”

Inaonekana sawa, sivyo? Sasa niulize: hiyo “kama harufu inaendelea” ni sharti la nini? La kuita fundi peke yake, ama la kuzima gesi pia? Mwandishi alitaka uzime gesi papo hapo, halafu fundi aitwe ikiwa harufu haiishi. Lakini sentensi inakubali pia kwamba usubiri kwanza uone kama harufu itaendelea, ndipo uzime. Na mtu anayeogopa kuonekana mwoga atachukua hiyo ya kusubiri. Watu tunajijua.

Sharti likiwekwa mwishoni, linashika kila kitu kilichotangulia, ama kitu cha karibu tu, na hakuna njia ya kujua. Likiwekwa mwanzoni, linashika kinacholifuata. Tena lina faida nyingine: mtu husoma kutoka mwanzo. Ukimpa amri kwanza na sharti baadaye, mkono wake umeshaanza kutenda kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Hivyo: “Zima gesi mara moja. Harufu isipoisha, toka nje, kisha piga simu kwa fundi ukiwa huko nje.”

Na tafadhali, hiyo “kama” tuipumzishe kwenye maonyo. “Kama” ni “ikiwa”, na “kama” ni “mfano wa”. “Usitumie mpira kama umepasuka” inaeleweka, lakini inakuchelewesha nusu sekunde. Kiswahili kina kifaa kizuri zaidi ambacho kimekaa ndani ya kitenzi chenyewe: “Mpira ukipasuka, usiutumie.” Hiyo “ki” ni sharti tupu, fupi, na inakaa mwanzoni yenyewe bila kusukumwa. Kizungu hakina kitu kama hicho. Sisi tunacho, halafu tunakiacha ili tuige mpangilio wa sentensi za wenyewe. Inaniuma kweli.

Ingawa hata “ki” ina mpaka wake. “Ukimaliza kupika, zima gesi” ni jambo la kila siku, kila mtu atamaliza kupika. “Ukisikia harufu ya gesi” ni jambo ambalo huenda lisitokee kamwe. Umbo ni lile lile. Kwa hivyo ya kawaida na ya dharura zisikae kwa orodha moja. Weka za kila siku upande wake, na za dharura chini ya kichwa chake, zikiwa na neno HATARI juu.

La nne ni fupi lakini linauma: “si lazima”.

Kizungu kina neno la “lazima”, na ukiliweka “si” la kwao linakuwa katazo kali. Kiswahili hakifanyi hivyo. “Si lazima” kwetu ni ruhusa. “Si lazima uje” maana yake usipokuja pia poa. Sasa mtu anatafsiri neno kwa neno: “Mtungi si lazima ulazwe.” Wewe unasoma unaelewa: sawa, si lazima nilaze, lakini nikitaka ninaweza. Na keja ni ndogo, mtungi wa kilo 13 unatoshea vizuri chini ya kaunta ukiulaza. Unaulaza.

Ndani ya mtungi gesi iko kama maji. Ukisimama wima, ule majimaji unakaa chini na mvuke unakaa juu, na regyuleta imetengenezwa kupitisha mvuke. Ukilazwa, majimaji yanaweza kufika kwenye mdomo, yatoke hivyo, na yakishatoka yatanuke zaidi ya mara 200 kuwa mvuke. Moto uliokuwa wa bluu na mpole unakuwa mwali wa kuruka. Yote hayo kwa sababu ya “si lazima”. Andika tu: “Usilaze mtungi. Mtungi usimame wima wakati wote.” Katazo, kisha kile anachotakiwa kufanya. Hapo huwezi kujidanganya.

Na hapa nakutana na wale wa adabu. Wanasema Kiswahili ni lugha ya heshima, huwezi kumwamrisha mteja “usi, usi, usi” kama mtoto, weka “tafadhali”, weka “inashauriwa”. Jamani. “Inashauriwa mtungi uwe wima” maana yake kuna mtu fulani ana maoni. Bibi yangu ana heshima kuliko kijitabu chochote, na akiona mkono wa mjukuu unakaribia sufuria ya uji hasemi “inashauriwa”. Anasema “Toa mkono!” Heshima utaonyesha kwenye ukurasa wa kwanza, pale unapomshukuru mteja kwa kununua. Kwenye onyo, heshima ni kueleweka.

Kuna kundi la pili, hawa ndio wengi: “Lakini si kila mtu Nairobi anasoma Kizungu? Na si kuna picha?”

Kusoma Kizungu cha mitihani na kusoma Kizungu cha onyo ukiwa na hofu ni vitu viwili. Tena mtungi hautumiwi na aliyenunua peke yake. Unatumiwa na shosho aliyekuja kutoka ocha, na dada wa kazi, na mtoto wa darasa la sita anayejipikia chai. Katiba yetu, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kiswahili kinachokataza madirisha yafunguliwe si habari. Ni mapambo.

Kuhusu picha: picha ni nzuri, ziwekwe. Kiberiti kilichopigwa msalaba kila mtu anaelewa. Lakini jaribu kuchora “ikiwa”. Jaribu kuchora “mpaka”. Jaribu kuchora “usiwashe, na kama inawaka usizime”. Picha inaonyesha kitu na kitendo. Sharti na mpangilio wa hatua vinahitaji sentensi.

Sasa chukua ile sentensi yetu ya kwanza, tuitengeneze yote, uone tofauti:

HATARI
Ukisikia harufu ya gesi:
1. Moto wowote unaowaka, uzime: jiko, mshumaa, sigara.
2. Zima gesi kwenye mtungi.
3. Usiwashe moto wa aina yoyote.
4. Usiguse swichi yoyote. Usiwashe. Usizime.
5. Fungua milango na madirisha yote.
6. Toka nje na kila aliye ndani.
7. Simu ipige ukiwa nje.

Sharti liko juu, mara moja, na linashika yote saba. Kila namba ina jambo moja. Hakuna “na ku”. Hakuna “funga”. Hakuna “si lazima”. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

Na usiniamini mimi, jaribu. Mpe mtu ambaye hajaona maelezo ya Kizungu asome tafsiri peke yake. Usimuulize “umeelewa?”, kwa sababu sote husema ndiyo. Muulize: “Nionyeshe kwa mkono, utaanza na nini?” Mpe mtungi mtupu, ama hata ndoo. Halafu muulize: “Taa ikiwa inawaka, je?” Fanya hivyo na watu watatu wasiofahamiana. Wakifanya vitu tofauti, tatizo si wao. Sentensi imeoza, irudishwe. Hilo zoezi linachukua alasiri moja na chupa tatu za soda. Hakuna kampuni inayoleta majiko kwa makontena itaniambia haina pesa ya soda.

Ndiyo maana sitaki kusikia tena kwamba “tafsiri ni ghali”. Ghali ni kulipa mtu kwa neno, ukamnyima jiko la kutazama, ukamnyima mtu wa kumuuliza swichi ni ya kuwasha tu ama ni ya kuzima pia, halafu ukachapisha alichokupa bila mtu hata mmoja kujaribu kukitii. Umelipia maneno, hukulipia onyo.

Leo ukifika nyumbani, toa kijitabu cha jiko lako pale kwenye droo kilipokaa na risiti. Tafuta ukurasa wa Kiswahili. Tafuta “na ku” inayofuata “usi”. Tafuta “si lazima”. Tafuta “funga” na ujiulize ni ya kupachika ama ya kuzima. Ukipata hata moja, ipige picha na uirudishe kwa duka lililokuuzia, uulize swali moja tu: “Hapa mnasema nifungue dirisha ama nisifungue?”

Waache wajikune kichwa. Halafu subiri jibu, na usiondoke bila jibu.